Slaidi moja ya paja, lebo 17: jinsi ya kutengeneza kadi za picha zilizofunikwa

*Shikamoo mwalimu. Natengeneza kadi za kufunika picha kwenye Anki, programu ya kadi za kukariri, kutoka slaidi za mihadhara ya anatomia. Slaidi moja ya paja ina lebo 17. Nilizifunika zote, na baada ya wiki mbili nikawa nazijibu bila kukosea. Lakini maabara, pini ilipochomekwa kwenye paja lenyewe, nilishindwa kutaja hata ateri. Nakosea wapi katika kuzitengeneza?*

Marahaba. Nadhani najua kilichokupata, maana kiliwahi kunipata mimi mwenyewe, na tangu nianze kusimamia maabara nakiona kila mwaka. Uliyajua majibu ya kadi zako, na uliyajua kweli. Shida ni kwamba uliyapata kwa alama ambazo zipo kwenye slaidi tu, na kwenye mwili hazipo.

Itazame tena slaidi yako. Karibu kila mchoro wa paja unaitia ateri rangi nyekundu, vena buluu na neva njano. Lebo zimepangwa safu mbili, kushoto na kulia, na kila moja haihami mahali pake. Kifuniko ulichochora juu ya "vena kuu ya safena" ni kirefu, na cha "sartorio" ni kifupi. Ukiiona kadi hiyo mara sita au saba, akili inashika njia nyepesi kuliko zote: kifuniko kirefu cha chini kulia ni safena, uzi wa njano ni neva. Jibu linatoka sahihi, nawe unabonyeza "Good", na Anki inaisogeza kadi mbele siku kadhaa. Hakuna mahali popote katika mzunguko huo ulipolazimika kuangalia mshipa unatoka wapi, unapita chini ya nini, na umelala upande gani wa jirani yake. Na pale maabara, mbele ya paja ambalo kila kitu ndani yake kina rangi ya kahawia iliyofifia, hayo ndiyo maswali pekee yanayosaidia.

Kabla ya kubadilisha chochote, zipime kadi ulizonazo. Fungua kadi kumi, na kwa kila moja ziba mchoro wenyewe kwa kiganja au karatasi, ubakize vifuniko peke yake. Kama bado unaweza kutaja jibu, kadi hiyo inakufundisha mpangilio wa slaidi. Kisha fanya kipimo cha pili: jibu kadi huku ukijisikiliza. Ukigundua kwamba jina limekuja kabla macho hayajafika mwisho wa mstari wa lebo, yaani pale mstari unapogusa nyama, basi hukuhitaji anatomia kujibu.

Sasa tuijenge upya slaidi hiyo hiyo, kuanzia picha.

Usianze na picha ya skrini kama una faili lenyewe. Kama mhadhiri amewapa faili la PowerPoint, lifungue ubofye lebo mojawapo. Mara nyingi lebo ni visanduku vya maandishi vilivyowekwa juu ya mchoro, na vinasogea. Hiyo ni bahati kubwa, kwa sababu chini yake una mchoro usio na lebo, na tutauhitaji baadaye. Faili la `.pptx` kwa ndani ni kifurushi cha zip, na picha zake zote zimo kwenye folda ya `ppt/media`. Unaweza kuzitoa zote kwa mkupuo:

```
unzip -j mhadhara.pptx "ppt/media/*" -d picha
```

Kama umepewa PDF, toa ukurasa unaoutaka kama picha kamili. Slaidi pana ya kawaida, iliyotolewa kwa nukta 150 kwa inchi, inakupa picha ya upana wa pikseli 2000 hivi, na hiyo inatosha kusoma mistari myembamba hata ukiikuza kwenye simu:

```
pdftoppm -r 150 -f 14 -l 14 -png mhadhara.pdf paja
```

Hapo 14 ni namba ya ukurasa. Ukishaipata picha, ikate kabla ya kuipeleka Anki. Kata kichwa cha slaidi, kata aya ya maelezo iliyo pembeni, kata na vidokezo vya chini. Kichwa kinachosema "neva, ateri, vena kutoka nje kwenda ndani" kikibaki juu ya kadi, umeshajijibia kadi tatu. Ukataji lazima utangulie kwa sababu Anki inahifadhi mahali pa kifuniko kama sehemu ya upana na urefu wa picha. Picha ikikatwa baadaye, vifuniko vyote vinahama, na utakuta kimoja kimeziba msuli huku lebo yake ikionekana.

Kuna kitu kimoja cha kutokata: chochote kinachoonyesha upande. Kama mchoro haujaandikwa kuwa ni paja la kulia likitazamwa kwa mbele, andika wewe mwenyewe. Nitaeleza muda si mrefu kwa nini hili si jambo dogo.

Sasa zile lebo 17. Kosa lako la kwanza la utengenezaji liko hapa: uliziweka zote kwenye noti moja, yaani picha moja pamoja na vifuniko vyake vinavyozaa kadi, kana kwamba zote ni swali la aina moja. Zisome tena ukijiuliza kila moja inafanya kazi gani kwenye eneo hili. Eneo lenyewe ni pembetatu ya paja. Juu imefungwa na ligamenti ya kinena, iliyonyooka kati ya spina ya mbele ya juu ya mfupa wa nyonga na kifundo cha kinena. Upande wa nje mpaka ni ukingo wa msuli wa sartorio, na upande wa ndani mpaka ni msuli wa adukta longo. Hizo ni lebo tano, na zote ni fremu. Ndani ya fremu kuna neva ya femori, ateri ya femori, vena ya femori, vena kuu ya safena na ateri ya kina ya paja. Hizo ni tano nyingine, nazo ni yaliyomo. Sakafuni kuna iliopsoa na pektineo, mbili. Tano zilizobaki ni rektasi femori, vasto ya nje, vasto ya ndani, grasili na tensa ya fasia, ambazo zimo kwenye mchoro kwa sababu tu mchoraji hakuweza kuchora paja bila hizo. Hizo ziache kabisa kwenye slaidi hii. Zitakuja kwenye slaidi ya misuli ya paja, ambako zina majirani wa kuzieleza.

Kwa hiyo picha hiyo hiyo moja inazaa noti tatu. Kwenye noti ya kwanza unafunika fremu tu. Kwenye noti ya pili unafunika yaliyomo, na lebo za fremu unaziacha zisomeke. Kwenye ya tatu unafunika sakafu, na adukta longo unaiacha wazi. Uone faida yake: unapoulizwa ateri, jicho linaona ligamenti ya kinena na sartorio zimeandikwa, na unajibu kwa kutumia vitu hivyo kama alama za njiani. Ndivyo utakavyofanya mbele ya mwili. Hakuna anayeitambua ateri ya femori akiwa ameikodolea macho peke yake. Unatafuta ligamenti kwanza, unashuka chini yake, ndipo unahesabu kutoka nje kwenda ndani.

Kwenye Anki, tangu toleo la 23.10, aina ya noti ya `Image Occlusion` imo ndani ya programu yenyewe, na huhitaji tena kiongezi. Unachagua aina hiyo ya noti, unaingiza picha, unachora mistatili, halafu unaamua kati ya `Hide All, Guess One` na `Hide One, Guess One`. Ya kwanza inafunika lebo zote ulizochora na kukuuliza moja. Ya pili inafunika hiyo moja inayoulizwa tu, na nyingine zote zinasomeka. Kwa noti ya yaliyomo tumia ya kwanza bila kusita. Neva, ateri na vena zimelala bega kwa bega, na ukiona neva imeandikwa upande mmoja na vena upande wa pili, ya katikati inajitaja kwa kuondoa, hata kama hujui lolote kuhusu ateri. Kwa noti ya fremu, `Hide One, Guess One` haina madhara makubwa mwanzoni, lakini mimi hutumia ya kwanza hata hapo.

Katika kuchora vifuniko, vitu viwili vinaharibu kadi nyingi. Kimoja ni upana. Chora kifuniko kimoja kinachotosha lebo ndefu kuliko zote, kisha kinakili kwa lebo zilizobaki, ili "neva ya femori" na "vena kuu ya safena" ziwe chini ya mistatili inayolingana. Ukubwa wa jina usiwe kidokezo. Kingine ni mstari wa lebo. Funika maneno peke yake na uuache mstari wote wazi hadi ncha yake, hasa ile ncha. Kama kifuniko kimemeza nusu ya mstari, na mistari miwili inapishana, utakuwa unakisia ni upi unaoulizwa. Ikiwa lebo imeandikwa juu ya kiungo chenyewe bila mstari, kama wachoraji wanavyopenda kufanya kwenye misuli mikubwa, kifuniko kifupi juu ya maneno kinatosha, mradi kingo za msuli zibaki zinaonekana pande zote.

Pia mara nyingi jina moja linatokea mara mbili kwenye slaidi: kwenye lebo, na tena ndani ya maelezo madogo kama "tawi la ateri ya femori" pembeni ya ateri ya kina. Chora kifuniko juu ya kila moja, zichague zote mbili na uziunganishe kuwa kundi. Vifuniko vya kundi moja vinatoa kadi moja na vinafunguka pamoja.

Sehemu ya `Header` inaonekana mbele ya kadi, kwa hiyo andika humo upande na mtazamo: "Paja la kulia, kwa mbele". Usiandike "Pembetatu ya paja" kwenye noti ya fremu, kwa kuwa kutambua kwamba hii ni pembetatu ya paja ni sehemu ya swali.

Sehemu ya `Back Extra` inaonekana nyuma, na hapa ndipo naomba utumie muda wako mwingi kuliko kwenye kuchora. Kifuniko kikiondoka, kinakupa jina. Hakikupi sababu. Kwa ile noti ya yaliyomo, andika maneno haya au yanayofanana nayo: "Kutoka nje kwenda ndani: neva, ateri, vena. Neva: ngumu, haina uwazi ndani, inachanua kuwa matawi muda mfupi baada ya kupita chini ya ligamenti. Ateri: ukuta mnene, mviringo wake unabaki hata ikikatwa, inatoa ateri ya kina sentimita 4 hivi chini ya ligamenti. Vena: ukuta mwembamba, imelala bapa, inapokea safena kwa mbele." Ukibonyeza `Toggle Masks` baada ya kujibu, vifuniko vingine vinaondoka pia, na unaweza kusoma sentensi hizo ukiwa unatazama picha nzima. Isome kila sentensi ukiitafuta kwenye mchoro. Usipoiona kwenye mchoro, mchoro huo haufai kwa sentensi hiyo, na ni vizuri kulijua hilo mapema.

Hadi hapo una kadi 12 badala ya 17, na ni bora kuliko za mwanzo. Bado hazitoshi kwa pini, kwa sababu rangi ipo na upande haujabadilika. Ndipo tunaurudia ule mchoro usio na lebo.

Uweke kwenye slaidi mpya. Kama ulipewa PDF tu, ziba lebo za zamani kwa visanduku vyeupe, uitoe kama picha, kisha uiweke. Igeuze kuwa ya kijivu kwa `Grayscale` kwenye rangi za picha. Halafu igeuze kushoto kulia kwa `Flip Horizontal`. Paja la kulia sasa limekuwa la kushoto. Andika lebo zako tano za yaliyomo upya, ukizipanga makusudi kwa mpangilio tofauti na wa mhadhiri: safena juu, neva chini, mistari ikitokea upande ambao hapo awali haukuwa na lebo. Itoe kama picha, ifunike kwa `Hide All, Guess One`, na kwenye `Header` andika "Paja la kushoto, kwa mbele".

Siku ya kwanza utakayojibu kadi hizi tano, nenda taratibu na uyaandike makosa yako. Ukiita vena "neva" kwenye paja la kushoto, maana yake ulikuwa umekariri "ya kushoto kwenye picha" badala ya "ya upande wa nje". Kwenye mchoro wa kulia unaotazamwa kwa mbele, maneno hayo mawili yanaelekeza mahali pamoja, ndiyo sababu kosa lilijificha. Kwenye mchoro wa kushoto yanaachana. Mimi nilikosea hivi hivi katika mtihani wangu wa vitendo wa kwanza. Mwili uliokuwa mezani ulikuwa umepasuliwa paja la kushoto, nami nikataja neva mahali palipokuwa na vena, nikiwa na uhakika kabisa, kwa kuwa kila mchoro niliousoma ulikuwa wa kulia. Ningekuwa nimegeuza picha moja tu, ningeliona kosa hilo chumbani kwangu.

Tahadhari moja: kugeuza huku kunafaa kwa mikono, miguu, uso, na sehemu nyingine ambazo kulia na kushoto zinafanana. Usigeuze kifua, moyo wala tumbo. Ini la kushoto ni ugonjwa wa nadra wa kuzaliwa nao, na hutaki kadi inayokukaririsha hilo kama kawaida.

Ukijibu za kijivu bila shida, ongeza noti moja ya picha halisi ya mwili, kama mhadhiri ameweka picha hizo kwenye slaidi zake. Hapo usifunike zaidi ya vitu vitatu, neva, ateri na vena, na kata picha kwa ukarimu ili ligamenti na sartorio zionekane. Picha iliyokatwa karibu mno haina fremu, na bila fremu hata mwalimu wako angesita. Picha hizo ni za watu waliotoa miili yao tujifunze. Zihifadhi kwenye kompyuta yako, na usizitie kwenye kadi unazogawia wenzako au kuzipakia mahali pa wazi.

Kuhusu ratiba, kuna mpangilio mmoja unaoathiri kadi za aina hii kuliko nyingine. Kadi zote za noti moja ni ndugu, na zikija mfululizo zinaambizana majibu. Umetoka kuona neva, sekunde nane baadaye unaulizwa ateri kwenye picha ile ile. Nenda kwenye mipangilio ya fungu la kadi, sehemu ya `Burying`, uwashe `Bury new siblings` na `Bury review siblings`. Kuanzia hapo Anki itakuonyesha ndugu mmoja kwa siku na kuwaahirisha wengine. Noti ya kadi tano itachukua siku tano kuingia yote, na utaona inakwenda polepole. Kwa sababu hiyo usingoje wiki ya mtihani ndipo uanze. Kama mtihani ni baada ya siku tatu, zima mpangilio huo, ukijua unachokipoteza.

Utaratibu wa kuingia nao una maana. Ingiza noti ya fremu kwanza. Ya yaliyomo ifuate ukishaweza kutaja mipaka mitatu bila kusita, kisha sakafu, na za kijivu mwisho kabisa. Ukiziingiza zote siku moja, zile za kijivu zitapoteza kazi yake, kwa kuwa utakuwa unazikariri kama slaidi nyingine mpya badala ya kuzitumia kujipima.

Baada ya wiki chache itajitokeza kadi isiyokubali kushika. Anki ikiona umekosea kadi mara nane, huipa alama ya `leech`. Kwenye slaidi hii natarajia iwe pektineo, na sababu naijua: inachanganywa na adukta longo. Zote mbili zinatoka kwenye mfupa wa kinena, zote zinashuka kwa mshazari kwenda nje, na kwenye mchoro zimepakwa wekundu ule ule. Kuikariri zaidi hakutasaidia. Tengeneza kadi moja ya maneno yenye swali linalowakutanisha: "Misuli miwili inashuka mshazari kutoka mfupa wa kinena, mmoja juu na nje, mwingine chini na ndani. Upi ni mpaka wa pembetatu?" Jibu: ule wa ndani, adukta longo. Pektineo iko juu na nje yake, nayo ni sakafu, vena ya femori ikiwa imelala mbele yake. Kadi hiyo ikishika, ile ya picha nayo hutulia.

Kuna swali moja ambalo vifuniko haviwezi kuliuliza. Kila kadi ya aina hii inakupa mahali na kudai jina. Mwalimu naye anaweza kukupa jina na kudai mahali: "Nionyeshe ateri ya kina ya paja." Kwa vitu vile vitano vya ndani, tengeneza kadi za kawaida zenye mchoro usio na lebo mbele, pamoja na amri hiyo. Nyuma weka mchoro huo huo ukiwa na lebo moja tu. Gusa kioo kwa kidole kabla ya kugeuza kadi. Kidole kikigusa pembeni, hata kwa milimita chache, hesabu kuwa umekosa, kwa kuwa kwenye pembetatu hii milimita chache ndizo zinazotenganisha ateri na vena.

Mwisho, zile kadi zako 17 za zamani usizifute leo. Zisimamishe kwa `Suspend`, ujenge hizi mpya, na baada ya wiki tatu hivi uzifungue tena siku moja tu. Jibu chache huku ukifuata ncha ya kila mstari, na utaona mara moja ni zipi zilizokuwa zikijibiwa na upana wa kifuniko. Hizo ndizo za kufuta. Ukirudi maabara, kabla hujaangalia pini yoyote, tafuta ligamenti ya kinena kwa macho, kisha ukingo wa sartorio, na uulize ni paja la upande gani.